Ishara za dakika moja: pipsi 0.7 dhidi ya spredi ya pipsi 1

Swali: Habari mtaalamu. Nafanya skalpingi ya EUR/USD kwenye chati ya dakika moja. Nanunua RSI ya 14 ikishuka chini ya 30 huku bei ikiwa juu ya EMA 200, nauza kwa kinyume chake. Lengo pipsi 5, stopu pipsi 5. Nilipopitia chati za nyuma nilikuwa nashinda mara 57 katika kila 100. Kwenye akaunti halisi ishara ni zilezile, lakini nashinda chini ya nusu na salio linashuka. Spredi yangu ni pipsi 1 tu. Indiketa hii haifai, au broka ananichezea?

Jibu: Habari njema, ndugu. Broka tutamfikia mwishoni, maana yeye ana kipimo chake. Tuanze na hesabu uliyonipa mwenyewe, kwa sababu jibu kubwa limo humo humo.

Ukishinda mara 57 kwa pipsi 5 unapata pipsi 285. Ukipoteza mara 43 kwa pipsi 5 unatoa 215. Kinachobaki ni pipsi 70 kwa tredi 100, yaani pipsi 0.7 kwa kila tredi. Hiyo 0.7 ndiyo mali yote ambayo ishara yako inayo. Asilimia 57 inapendeza ukiitazama peke yake, lakini gharama hailipwi kwa asilimia, inalipwa kwa pipsi. Kila ukifungua tredi unalipa spredi ya pipsi 1. Toa 1 kwenye 0.7, unabaki na hasara ya 0.3 kwa kila tredi, na hapo hatujagusa slipeji. Ukitumia loti 0.1, ambapo pipsi moja ya EUR/USD ni dola 1, tredi 100 ambazo chati ilikuahidi dola 70 zinakutoa dola 30 mfukoni.

Sasa utauliza: kama spredi inanikata pipsi moja tu, kwa nini idadi ya ushindi nayo imeshuka? Si ningeendelea kushinda 57, ila kwa faida ndogo zaidi? Hapa ndipo wengi wanapodhani ishara imekufa, kumbe ni namna spredi inavyojificha. Twende nayo polepole.

Tuseme Bid ni 1.08500 na Ask ni 1.08510. Unanunua, kwa hiyo unaingia kwa Ask, 1.08510. Unaweka T/P pipsi 5 juu, 1.08560, na S/L pipsi 5 chini, 1.08460. Kwa macho ni moja kwa moja, pande zote sawa. Lakini tredi ya kununua inafungwa kwa Bid, si kwa Ask, na Bid kwa sasa iko 1.08500. Ili ufikie lengo, Bid inatakiwa ipande pipsi 6. Ili upigwe stopu, inatosha ishuke pipsi 4. Kama soko lingekuwa sawa na kurusha sarafu, kitu kilicho mbali pipsi 6 upande mmoja na pipsi 4 upande wa pili kitafika kule karibu mara 60 na kule mbali mara 40. Umeshuka toka 50 hadi 40 bila kukosea lolote. Na ukihesabu, 40 mara 5 kutoa 60 mara 5 ni hasara ya pipsi 100 kwa tredi 100: spredi yako kamili, pipsi 1 kwa kila tredi. Spredi haikuonekana kama makato kwenye historia ya akaunti. Ilikuja ikiwa imevaa sura ya stopu nyingi zaidi.

Kwenye kuuza ni hivyo hivyo kwa upande wa pili: unaingia kwa Bid, na stopu yako inaguswa na Ask, ambayo tayari ipo juu ya bei uliyoingilia.

Ukiichukua ishara yako ya 57 na kuitoa pipsi 1 kwa njia hiyo, unaangukia kwenye ushindi wa 47 hivi katika 100. Wewe unasema unashinda chini ya nusu. Ndivyo inavyotakiwa kuwa. Ishara inafanya kazi ileile iliyokuwa inafanya kwenye chati, ila kwenye chati ulikuwa unaingia na kutoka kwa bei moja ambayo hakuna mtu anayekuuzia.

Ndiyo maana gharama hii inamwumiza skalpa na haimsumbui sana anayeshika tredi siku nzima. Mwenye lengo la pipsi 50 na stopu ya pipsi 50, ukimtoza pipsi hiyo hiyo 1, anahitaji kushinda mara 51 katika 100 ili asipate wala asipoteze, kwa hesabu ya chati. Wewe mwenye 5 kwa 5 unahitaji 60. Spredi haijali unatumia chati gani, lakini mwendo wa bei unajali: kwa makadirio ya kawaida bei husogea kwa kipeuo cha pili cha muda, kwa hiyo mwendo wa dakika 15 ni kama mara nne tu ya ule wa dakika moja, si mara kumi na tano. Mara nne hizo zinatosha kubadilisha hesabu, kwa sababu gharama imebaki palepale.

Baada ya hapo kuna tatizo la RSI yenyewe. RSI ni uwiano: inachukua wastani wa dakika zilizopanda na wastani wa dakika zilizoshuka, inalinganisha. Haina pipsi ndani yake. Ikifika 30, maana yake ni kwamba wastani wa kushuka umekuwa kama mara 2.3 ya wastani wa kupanda, basi. Kwenye saa tulivu, wastani wa kupanda ukiwa pipsi 0.15 kwa dakika na wa kushuka 0.36, RSI inasoma 29 na ushee. Hapo bei kwa dakika 14 imeshuka kama pipsi 3 hivi. Indiketa inawaka, kengele inalia, nawe unanunua ukitarajia bei irudi. Hata ikirudi nusu nzima ya mteremko, ni pipsi 1.5, na 1 kati ya hizo si yako. Saa moja baadaye, soko likiwa na joto, RSI ileile ya 29 inaweza kuwa imetokana na mteremko wa pipsi 15. Skrini inakuonyesha ishara mbili pacha, wakati moja ina nafasi ya kulipa gharama na nyingine haina kabisa. Welles Wilder alipoitoa RSI mwaka 1978 zile 14 zilikuwa siku 14, na mwendo wa siku ukilinganishwa na spredi ni mkubwa kiasi kwamba suala hili halikuwa na haja ya kuulizwa.

Lakini kuna jambo ambalo mimi naliona baya kuliko yote, na ndilo ningependa ulishike hata ukisahau mengine. Baadhi ya ishara zako za kununua hazikutokana na bei kushuka. Zilitokana na spredi kutanuka.

MetaTrader huchora mishumaa ya forex kwa Bid peke yake. Sasa chukua mfano ule ule: Bid 1.08500, Ask 1.08510, katikati yake ni 1.08505. Benki zinazotoa bei zinasita kwa muda, labda kuna habari inakaribia au ni ile saa 11 jioni ya New York ambapo siku ya biashara inafungwa na ukwasi unakauka. Spredi inatanuka toka pipsi 1 hadi pipsi 3. Bid inakuwa 1.08490 na Ask inakuwa 1.08520. Katikati bado ni 1.08505. Euro haijapungua thamani hata kidogo. Ila kwenye chati yako bei "imeshuka" pipsi nzima, na kwa kuwa saa hizo dakika nyingi zinasogea sehemu ya kumi chache tu za pipsi, mshumaa huo mmoja unatosha kuisukuma RSI chini ya 30.

Bektesti yenye spredi ya kudumu inafanyaje hapo? Inachukua Bid 1.08490, inaongeza pipsi 1, inakununulia kwa 1.08500. Dakika mbili baadaye spredi inarudi kawaida, Bid inarudi 1.08500, na kwenye jaribio umeshafuta gharama ya kuingia. Uko sifuri, tayari kuelekea faida. Kwenye akaunti halisi ulinunua kwa Ask ya kweli, 1.08520. Spredi inaporudi kawaida Bid ni ile ile 1.08500, nawe uko chini pipsi 2. Tofauti ya pipsi 2 kwenye tredi yenye lengo la pipsi 5, na soko halikwenda popote. Tena mkakati wa kununua mteremko ndio unaopenda kuchagua dakika za namna hii: kadiri spredi inavyotanuka ndivyo chati inavyoonekana imeshuka, ndivyo ishara inavyokuwa "nzuri".

Kulitambua ni rahisi. Tenganisha tredi zako za kununua na za kuuza, kwenye jaribio na kwenye akaunti halisi. Upande wa kuuza unaingia kwa Bid, bei ileile iliyo kwenye chati, kwa hiyo kwenye kuingia udanganyifu huu haupo. Kama kununua kumeporomoka kuliko kuuza ulipotoka kwenye jaribio, ujue sehemu ya ishara zako ilikuwa ni spredi inayopumua. Pia bonyeza F8, washa mstari wa Ask, kisha ukae uutazame wakati RSI inapowaka. Utaona mara ngapi Bid inashuka huku Ask ikipanda.

Tuje kwenye slipeji, yaani kupewa bei tofauti na uliyoiomba. Wengi huichukulia kama bahati mbaya ya hapa na pale, leo inakuuma, kesho inakupa, mwisho wa mwezi sifuri. Kwa skalpa haiendi hivyo, kwa sababu ya aina za oda. T/P ni oda ya limiti: unapewa bei hiyo au nzuri zaidi, vinginevyo haijazwi. S/L ikiguswa inageuka oda ya soko: inajazwa kwa bei yoyote iliyopo. Kwa hiyo upande wa faida umefungwa pipsi 5, na upande wa hasara ni pipsi 5 na chenji. Stopu zako zikiteleza kwa wastani wa pipsi 0.4, na stopu ni 53 katika tredi 100, ni pipsi 21 zimeondoka. Kuingia kukiteleza kwa wastani wa 0.1, ni pipsi 10 nyingine. Ongeza kwenye ile hasara ya 30 tuliyoipata mwanzo, unafika kwenye hasara ya pipsi 61 pale ambapo chati ilionyesha faida ya 70. Hizo 0.4 na 0.1 ni za mfano. Zako utazipata kwenye historia yako mwenyewe, nitakuonyesha namna.

Kuna wanaojaribu kukwepa spredi kwa kuweka oda ya limiti chini ya bei badala ya kununua sokoni. Wazo si baya, ila bektesti nyingi zinadanganya zaidi hapo kuliko mahali pengine. Jaribio likiona bei imegusa limiti yako linahesabu umeingia. Kwenye soko halisi, bei ikigusa na kurudi juu palepale, mara nyingi hukujazwa, kwa kuwa kulikuwa na wengine mbele yako au bei hiyo ilidumu kwa tiki moja tu. Ikigusa na kuendelea kushuka, umejazwa bila shaka yoyote. Ina maana tredi mbovu unazipata zote, nzuri unapata baadhi. Akaunti ya demo nayo haitakuonyesha hili, maana inakujazia kwa bei iliyo kwenye skrini bila kutafuta mtu wa upande wa pili.

Kwa kupita tu: kama unaingia mshumaa ukiwa bado haujafunga, hata hiyo 57 si yako. RSI inaweza kugusa 28 kwenye sekunde ya 20 na kufunga kwenye 33. Ukirudi kuangalia chati jioni, ishara hiyo haipo, na hukuihesabu ulipokuwa unapitia ya nyuma.

Basi upime vipi? Usianze kwa kubadilisha RSI kutoka 14 kwenda 9 au 30 kwenda 25. Kwanza rekodi bei mbili kila ishara inapotokea, Bid na Ask, kwa wakati uleule. Kama una EA au skripti ya MT5, mistari hii inatosha ndani ya sehemu inayogundua ishara:

```
MqlTick t;
if(SymbolInfoTick(_Symbol, t))
   Print(t.time_msc, " ", t.bid, " ", t.ask,
         " ", (t.ask - t.bid) / _Point);
```

Namba ya mwisho ni spredi kwa pointi. Kwenye bei ya tarakimu tano pointi 10 ni pipsi 1. Usishangae ukikuta wastani wa spredi wakati wa ishara ni mkubwa kuliko "pipsi 1" unayoijua. Ile pipsi 1 ni ya wakati wowote, na wewe huingii wakati wowote. Kisha linganisha Ask iliyorekodiwa na bei uliyojazwa kwenye kununua, au Bid kwenye kuuza: hiyo ndiyo slipeji ya kuingia. Linganisha S/L uliyoweka na bei iliyofungia: hiyo ni slipeji ya stopu. Kama akaunti yako ni ya spredi ndogo yenye kamisheni, igeuze iwe pipsi nayo. Dola 7 kwa loti moja, kwenda na kurudi, ni pipsi 0.7.

Halafu fanya jambo moja ambalo watu hawalifanyi: pima ishara bila stopu wala lengo. Chukua bei ya katikati ishara ilipotokea, na bei ya katikati dakika 1, 3, 5 na 10 baadaye. Wastani wa mwendo huo kuelekea upande wa ishara ndio nguvu yake halisi, na kwa kuwa ni bei ya katikati, ule ujanja wa spredi kutanuka unajitoa wenyewe. Wastani ukiwa pipsi 0.7 na gharama yako jumla ni 1.3, hakuna mpangilio wa stopu na lengo utakaoziba pengo hilo. Mpangilio unagawa upya ushindi na hasara, hauongezi kitu kwenye wastani. Na uwe na sampuli ya kutosha: tredi za 5 kwa 5 zinayumba sana, kiasi kwamba faida ya pipsi 70 kwenye tredi 100 inaweza kabisa kuwa bahati. Mimi nisingeamini wastani wowote wa namna hii chini ya ishara mia sita au zaidi.

Kwenye MT5, jaribio lifanye kwa "Every tick based on real ticks", ambalo linatumia Bid na Ask zilizorekodiwa, na kwenye ucheleweshaji usiache utekelezaji usio na kuchelewa; weka wa nasibu. MT4 inatumia spredi moja kwa jaribio zima, kwa hiyo kwa kazi ya dakika moja mimi siitumii kama ushahidi.

Kinachoweza kusaidia kweli ni vitu vichache. Kokotoa RSI kwa bei ya katikati badala ya Bid, utapoteza ishara kadhaa na nyingi kati ya hizo ni zile za uongo. Kataa kuingia spredi ikizidi kiwango ulichojipangia, tuseme pointi 12. Dai mteremko wenye ukubwa wa pipsi, si RSI peke yake: kama bei haijashuka angalau pipsi 8, ishara haihesabiki hata RSI ikiwa 20. Ukifanya hayo tredi zitapungua sana, na sehemu kubwa ya zitakazobaki zitakuwa kwenye saa ambazo London na New York zote ziko wazi. Kwa maoni yangu, ukishafika hapo utaona kwamba wazo hilo hilo kwenye dakika 15 linakupa kazi ndogo na nafasi kubwa zaidi. Ila usichukue neno langu, zile bei za katikati zitakuambia.

Sasa broka. Mkakati wako unanunua bei inaposhuka na kuuza inapopanda. Katika hali hiyo kuchelewa kwa oda hakupaswi kukuumiza kila mara: bei inaendelea kushuka kidogo kabla hujajazwa, na unapata bei nzuri kuliko uliyoiona. Anayefukuza bei inayokimbia ndiye anayetegemewa kuteleza vibaya karibu kila mara. Kwa hiyo angalia slipeji zako za kuingia. Kama kati ya tredi 200 zipo zilizojazwa kwa bei mbaya na zipo zilizojazwa kwa bei nzuri, broka wako anafanya kazi yake na tatizo ni ile 0.7. Kama zote zimeteleza kukuumiza au zimebaki palepale, na hakuna hata moja iliyokufaa, mpelekee rekodi zenye muda wa milisekunde umwulize anajazaje oda za soko. Akishindwa kueleza, hamisha fedha zako, lakini usitarajie hesabu ya kwanza ibadilike kwa broka mwingine mwenye spredi ileile ya pipsi 1.